Neno Lililohama Kiaponi

Mchana wa tarehe 20 Januari 2009, mbele ya jengo la Bunge la Marekani mjini Washington, Barack Obama aliweka mkono wa kushoto juu ya Biblia iliyotumiwa na Abraham Lincoln mwaka 1861, akanyanyua wa kulia na kusubiri kuapishwa. Huko Kogelo, kijiji cha baba yake magharibi mwa Kenya, watu walikuwa wamekusanyika kufuatilia tukio hilo. Jaji Mkuu John Roberts hakushika karatasi yoyote. Kiapo chenyewe ni sentensi moja tu, naye alikuwa amekihifadhi kichwani.

Katiba ya Marekani inamtaka rais aseme "I will faithfully execute the Office of President of the United States", yaani atatekeleza kwa uaminifu kazi za urais wa nchi hiyo. Roberts alilichukua neno "faithfully" kutoka mahali pake akalipeleka mwisho kabisa wa sentensi. Obama akaanza kumfuata, akafika "I will execute", akasita. Alijua kuna kitu kimeruka. Roberts akajaribu kurekebisha: akalitamka "faithfully", kisha akaendelea na "the office of President". Obama naye akamalizia kwa kuliweka mwisho, kama alivyolisikia mara ya kwanza.

Kesho yake jioni, wawili hao walikutana tena ndani ya Ikulu, katika Chumba cha Ramani, mbele ya watu wachache, na kiapo kikarudiwa neno kwa neno. Obama alikuwa tayari ni rais. Kwa Katiba, muhula mpya huanza saa sita mchana wa tarehe 20 Januari. Wanasheria wa Ikulu walieleza kwamba kiapo cha kwanza kilitosha, ila neno moja lilikuwa limetoka kwenye mpangilio wake, na hawakutaka kubakiza shaka.

Neno lenyewe halikusahaulika wala kubadilishwa. Lilihama tu. Na katika kuhama huko, siku ile lilipita sehemu tatu ambazo kielezi cha namna cha Kiingereza kinaweza kujaribu kukaa, kila moja na uzito wake. Anayejifunza Kiingereza akizielewa sehemu hizo tatu, atakuwa ameelewa sehemu kubwa ya jambo linalowasumbua wanafunzi hadi chuo kikuu.

Kielezi, kwa wasiokumbuka somo la sarufi, ni neno linaloeleza kitendo kimefanyika vipi, lini, wapi au mara ngapi. Katika kiapo, "faithfully" linaeleza namna. Katiba imeliweka baada ya "will", ambacho ni kitenzi kisaidizi, na kabla ya "execute", ambacho ndicho kitenzi kikuu. Hapo kati ndipo kielezi cha Kiingereza hukaa kimya kimya bila kujivutia macho. Kiapo kizima kimejengwa hivyo. Mwanzoni kuna "do solemnly swear", ambamo neno la kuapa kwa dhati limekaa katikati ya vitenzi viwili. Mbele kuna ahadi ya kuilinda Katiba, na hapo pia maneno yenye maana ya "kwa kadiri ya uwezo wangu" yamewekwa mara tu baada ya "will". Walioandika Katiba hiyo Philadelphia mwaka 1787 walitumia nafasi ileile mara tatu katika sentensi moja.

Kielezi kikihamia mwisho, kama Roberts alivyofanya mara ya kwanza, sentensi inabaki sahihi kabisa kisarufi. Kinachobadilika ni pale msikilizaji anapotegea sikio. Kiingereza hupenda kuweka habari mpya na nzito mwishoni, na sauti ya msemaji hutua kwa nguvu juu ya neno la maana la mwisho. Kwa hiyo "execute the office faithfully" inasikika kana kwamba kutekeleza kazi ni jambo lililokwisha kukubaliwa, na kinachoahidiwa sasa ni uaminifu. Katika maneno ya Katiba, ahadi ni ya kazi yenyewe, na uaminifu umo ndani yake.

Tofauti hii ni rahisi kuiona katika sentensi za kila siku. Mtu akiulizwa dereva aliendeshaje gari, jibu la Kiingereza ni "He drove carefully". Akisema "He carefully drove", anayemsikiliza atasubiri aendelee, kwa sababu sentensi inaonekana haijafika mwisho. Lakini mtu anayesimulia jinsi alivyoingia nyumbani usiku anaweza kusema "I carefully opened the door and went in". Uangalifu unatajwa kwa kupita, na hadithi inasonga mbele kwenye mlango na kuingia. Akisema "I opened the door carefully", hadithi inasimama kidogo hapo kwenye uangalifu, na msikilizaji anaanza kujiuliza nyuma ya mlango kulikuwa na nini. Swali "vipi?" hujibiwa mwisho wa sentensi, na swali "nini kikafuata?" huacha kielezi kijibanze katikati.

Si vielezi vyote vya namna vinavyoweza kuingia katikati. Vile vinavyoishia na "-ly" mara nyingi huweza. "Well", "fast" na "hard" haviwezi. Mtu husema "She sings well", wala hasemi "She well sings". Hapa pana mtego mmoja unaowanasa wengi. "He works hard" ni sifa, anafanya kazi kwa bidii. Anayedhani kwamba "hardly" ni "hard" iliyovaa mkia, akaiweka katikati ili isikike ya kisomi, atasema "He hardly works", na hapo atakuwa amemwambia mwajiri kwamba mtu huyo ni nadra kufanya kazi. Makosa ya aina hii katika barua ya kumpendekeza mtu kazini yanaweza kumponza asiye na hatia.

Sehemu ya tatu, ile ambayo Roberts aliifikia alipokuwa anajirekebisha, ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Alikitenganisha kitenzi na kitu kinachotendwa, ambacho wanasarufi hukiita yambwa au shamirisho, akaweka kielezi kati yao: "execute faithfully the office". Katika Kiingereza cha kawaida nafasi hii imefungwa. Kitenzi na yambwa yake hushikana, na kielezi hakiruhusiwi kupenya. "She speaks well English" ni kosa. Sahihi ni "She speaks English well". Vivyo hivyo, "I like very much tea" ni kosa, na "I like tea very much" ndiyo inayosemwa.

Mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu ya kuhisi kosa hilo. Kwake "Anaongea Kiingereza vizuri" na "Anaongea vizuri Kiingereza" zote hutoka kinywani bila kukwaruza, na mpangilio wa pili unahamia kwenye Kiingereza bila yeye kujua. Hali ni ngumu zaidi kwa Waswahili wa Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa, kwa sababu Kifaransa nacho hukaribisha vielezi vingi kati ya kitenzi na yambwa. Lugha mbili zinawavuta upande mmoja.

Mtaalamu wa isimu Lydia White alilichunguza tatizo hili huko Quebec, Kanada, kwa watoto wa darasa la tano na la sita waliozungumza Kifaransa nyumbani na kujifunza Kiingereza shuleni. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1991 yanawahusu sana walimu wa huku kwetu. Kundi moja lilifundishwa wazi mahali pa kuweka vielezi, na likaambiwa kwamba nafasi iliyo kati ya kitenzi na yambwa haitumiki. Kundi jingine lilifundishwa namna ya kuunda maswali, na halikuelezwa lolote kuhusu vielezi. Kundi la kwanza liliacha kosa. La pili liliendelea nalo, ingawa lilikuwa linasikia Kiingereza darasani. Sababu inaeleweka. Kusikia sentensi sahihi kunamfundisha mtoto yanayosemwa, lakini hakumwambii kwamba sentensi fulani haisemwi kamwe. Ukimya hauna alama nyekundu. Lakini habari ina upande wa pili: watoto wa kundi la kwanza walipopimwa tena baada ya mwaka mmoja, wengi wao walikuwa wamerudi walikotoka. Somo moja halikutosha kuufuta mpangilio wa lugha ya mama.

Hata hivyo mlango huo una ufa. Yambwa ikiwa ndefu na nzito, Kiingereza huiruhusu isogee hadi mwisho wa sentensi, na kielezi kinabaki kimeegemea kitenzi. "She read carefully the letter" inakwaruza sikio. Lakini "She read carefully every letter that her father had sent from Mombasa" inakubalika, tena katika maandishi ni afadhali kuliko kulisukuma "carefully" hadi baada ya "Mombasa", mahali ambapo msomaji angedhani ni baba ndiye aliyetuma kwa uangalifu. Ndiyo maana jaribio la pili la Roberts halikusikika baya kama "speaks well English". Maneno "the office of President of the United States" ni marefu kiasi cha kuvumiliwa. Lilikuwa Kiingereza kinachowezekana. Lakini halikuwa Kiingereza cha Katiba.

Kwa nini jaji msomi namna ile aliteleza hapo? Huenda ni wasiwasi wa siku yenyewe. Mwanaisimu Steven Pinker wa Chuo Kikuu cha Harvard alitoa maelezo mengine katika gazeti la New York Times siku chache hizo hizo: kwamba Roberts alikuwa amezoea kanuni ya wahariri inayokataza kutia kielezi kati ya kitenzi kisaidizi na kitenzi kikuu, na mazoea yakaushinda ulimi. Kanuni hiyo ni ndugu wa ile inayokataza kutia neno kati ya "to" na kitenzi, ambayo Henry Alford, mkuu wa kanisa la Canterbury, aliitetea katika kitabu chake cha mwaka 1864. Kama Pinker alipatia au la, kanuni yenyewe haina mizizi katika Kiingereza kinachosemwa. Mwalimu anayemkata mwanafunzi alama kwa kuandika "will carefully check" anamwadhibu kwa kuweka neno mahali pake pa asili.

Vielezi vinavyoeleza mara ngapi, kama "always", "usually", "often", "sometimes", "rarely" na "never", hufuata desturi yao. Nyumbani kwao ni katikati. Shule nyingi hufundisha kanuni hii vipande vipande: kabla ya kitenzi kikuu, baada ya kitenzi "be", baada ya kitenzi kisaidizi cha kwanza. Mwanafunzi hukariri vipande vitatu na kuvichanganya mtihanini, wakati kwa kweli jambo ni moja tu.

Chukua habari ya basi linalochelewa. Husemwa "The bus is often late", "The bus has often come late", lakini "The bus often comes late". Igeuze kila sentensi iwe swali, uone ni neno gani linaruka mbele ya basi. Katika ya kwanza ni "is", katika ya pili ni "has". Neno linaloruka ndilo ambalo kielezi hukaa nyuma yake. Katika sentensi ya tatu hakuna kinachoruka, kwa sababu "comes" haiwezi kutangulia. Ni lazima "does" iletwe kutoka nje ili swali liwezekane. Kwa kuwa hakuna neno la kukaa nyuma yake, kielezi kinasimama mbele ya kitenzi. Jaribio hilo moja linatosha kwa sentensi nyingi atakazokutana nazo mwanafunzi, hata zenye vitenzi visaidizi viwili: "The driver should always have known", kwa sababu swali lake lingeanza na "should". Hapa vielezi vya namna hutofautiana kidogo, kwani vyenyewe hupenda kukaribia kitenzi kikuu: "The work has been carefully done". Ukiandika "has carefully been done", msomaji atajikwaa.

Kosa la kawaida zaidi Afrika Mashariki liko mwanzoni mwa sentensi. Kiswahili kinasema "Siku zote mwalimu huchelewa", na mwanafunzi anaandika "Always the teacher comes late". Kiingereza kinaruhusu "Sometimes the teacher comes late", na "Usually" pia hutangulia bila shida, kwa sababu maneno hayo yanaweza kuandaa uwanja wa habari inayofuata. "Always" hairuhusiwi kutangulia hivyo katika maelezo ya kawaida, inarudi katikati: "The teacher always comes late".

"Never" ikitangulia, inadai malipo. Ni lazima kitenzi kisaidizi kiruke mbele ya mtenda, kama katika swali: "Never has this bus arrived on time". "Rarely" na "seldom" hufanya vivyo hivyo. Mpangilio huo ni masalia ya Kiingereza cha kale, ambamo mara nyingi kitenzi kilikaa nafasi ya pili katika sentensi hata kama kilichotangulia si mtenda. Leo umebaki kama chombo cha mkazo. Mtu anayezungumza na jirani atasema "This bus has never arrived on time". Anayehutubia mkutano wa wakazi waliochoka na basi hilo ndiye atakayeanza na "Never". Akiutumia mpangilio huo kumwomba jirani chumvi, atasikika kama mwanasiasa.

Mkazo mwingine hujificha katika kuruka hatua moja tu. "She is always late" ni taarifa. "She always is late", sauti ikikandamiza "is", ni ya mtu anayebishana: wengine wamekana, naye anashikilia. Kielezi kimetoka nyuma ya kitenzi kikasimama mbele yake, na kitenzi kimebaki peke yake kubeba uzito wa ubishi. Ndiyo sababu majibu mafupi huenda hivyo. Akiulizwa kama hulipa kodi kwa wakati, mpangaji hujibu "Yes, I always do". Hawezi kusema "Yes, I do always", kwa maana "do" ndilo neno linalothibitisha, na ndilo linalopaswa kusikika mwisho.

Ukanusho nao hupima nani anamtawala mwenzake. "I don't really like it" ni upole, mtu hakipendi sana. "I really don't like it" ni chuki iliyo wazi. Maneno ni yaleyale. Katika ya kwanza ukanusho umetangulia na kuupunguza ukweli wa kupenda. Katika ya pili, "really" imetangulia na kuutilia nguvu ukanusho wenyewe. Mgeni anayekaribishwa chakula cha Kiingereza na kukosea mpangilio huu anaweza kumuudhi mwenyeji aliyekusudia kumheshimu.

Penye madhara makubwa zaidi ni pale kielezi kinapobadili kazi yake kabisa. Shahidi ameandikiwa taarifa polisi kwa Kiingereza. "The witness saw the car clearly" inasema kwamba aliliona gari vizuri: mwanga ulitosha, hakukuwa na kizuizi. "Clearly, the witness saw the car" haisemi lolote kuhusu macho yake. Inatoa hukumu ya mwandishi, kwamba ni dhahiri shahidi aliliona, labda kwa sababu ameitaja rangi yake. Huenda aliliona gizani na kwa mbali. Kielezi kilichokuwa kinaeleza kuona sasa kinaeleza sentensi nzima.

Kisha kuna "The witness clearly saw the car", kielezi kikiwa katikati, mahali pake pa utulivu. Sentensi hii inabeba maana zote mbili, na karatasi haina sauti ya kumsaidia msomaji kuchagua. Mkalimani anayeigeuza kwa Kiswahili mahakamani hawezi kukwepa kuchagua, kwa kuwa "aliliona gari waziwazi" na "ni wazi kwamba aliliona gari" ni sentensi mbili tofauti. Akichagua ya kwanza, wakili wa utetezi atauliza kuhusu taa za barabarani. Akichagua ya pili, atauliza nani aliyeona kuwa ni dhahiri. Mkalimani mwangalifu husimama hapo na kumwomba hakimu amruhusu shahidi aeleze upya alichokiona.